Tangazo lipi huleta mteja anayelipa? Jinsi promo kodi na linki zinavyotoa jibu

Mwenye biashara ndogo Mukuru kwa Njenga ana njia nyingi za kujitangaza. Anaweza kuchapisha vipeperushi na kuvigawa kwenye mageti ya ploti za Pipeline na Imara Daima. Anaweza kulipia picha kwenye Facebook, kuwapa waendesha boda boda wa steji ya karibu kadi zake, au kununua tangazo kwenye redio ya jamii kama Ruben FM iliyo kwa majirani, Mukuru kwa Reuben. Kila njia ina gharama yake. Mwisho wa mwezi pesa zote za wateja huwa zimeingia kwenye laini moja ya M-Pesa, na hakuna kinachoonyesha ni tangazo lipi lililomleta nani.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani kuliko simu. Mwaka 1923, mwandishi wa matangazo wa Marekani, Claude Hopkins, alieleza katika kitabu chake jinsi kampuni zilizouza bidhaa kwa posta zilivyokuwa zikiweka alama tofauti kwenye kuponi za kila gazeti. Barua ya mteja ilipofika na kuponi yake, karani alijua mara moja ni gazeti gani lililoileta. Promo kodi ya leo ni kuponi ile ile, isipokuwa mteja haikati kwa makasi bali huitamka au huiandika. (Neno hilo lisimtie mtu hofu: hii si kodi ya kaunti wala ya nyumba. Ni neno la siri linalompa mteja punguzo dogo.)

Kanuni yake ni moja: kila tangazo liwe na neno lake, na neno hilo lisionekane mahali pengine popote. Likitajwa wakati wa malipo, chanzo cha mteja kimejulikana.

Tuchukue mfano wa mama anayesafisha sofa na mazulia, mwenye chumba chake cha kazi karibu na Sisal na wateja katika nyumba za Pipeline, Imara Daima na Embakasi. Mama huyu na hesabu zake ni vya kubuni, lakini hesabu zinafuata mtindo ule ule ambao mtu yeyote angeutumia kwenye daftari lake.

Kazi moja ya kawaida anaitoza shilingi 2,000. Sabuni, nauli na malipo ya kijana anayemsaidia humla shilingi 800, kwa hiyo hubaki na 1,200. Ameamua kwamba kila anayekuja na promo kodi kwa mara ya kwanza apunguziwe shilingi 200. Basi kwa mteja wa aina hiyo hubaki na 1,000, na ni kutoka kwenye hiyo 1,000 ambapo gharama ya tangazo lazima ilipwe.

Amechagua maneno matatu. Vipeperushi vya mageti vimeandikwa GETI. Tangazo la Facebook, ambalo ni picha ya kochi moja kabla na baada ya kusafishwa, limeandikwa PICHA. Kadi za waendesha boda boda zimeandikwa BODA. Maneno haya ni mafupi, yanatamkika kwenye simu bila kurudiwa mara mbili, na hayafanani. Kodi kama SF20K au NJ015 huonekana ya kitaalamu, lakini mteja akiwa kwenye matatu hawezi kuisoma, na msaidizi akiisikia vibaya, hesabu nzima huharibika. Kwa tangazo la redio jambo hili lina uzito zaidi, maana msikilizaji halioni neno lenyewe. Anabaki na kile alichokisikia tu.

Punguzo ni shilingi 200 kwa maneno yote matatu, na hilo halikutokea kwa bahati. Kama PICHA ingepunguza shilingi 500 na GETI 100, wateja wengi wa PICHA wangeweza kuwa wamevutwa na punguzo wala si na Facebook, na asingeweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Kabla ya neno kutajwa, mteja huwa ametuma ujumbe au amepiga simu, na hapo ndipo linki inasaidia. WhatsApp huruhusu mwenye biashara kutengeneza linki inayofungua mazungumzo naye moja kwa moja, ikiwa na ujumbe uliokwisha kuandikwa. Linki ya tangazo la Facebook ingekuwa hivi:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Habari,%20naulizia%20kusafisha%20sofa.%20PICHA
```

Nambari huandikwa kwa kuanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Alama ya %20 inasimama mahali pa nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza linki, WhatsApp hufunguka na sentensi hiyo iko tayari. Akituma, neno PICHA limefika bila yeye kulikumbuka. Linki hiyo hiyo, ikibadilishwa neno la mwisho, inaweza kugeuzwa kuwa mchoro wa QR na kuchapishwa kwenye kipeperushi.

Wengine hawatumi ujumbe. Hupiga simu. Kwao, njia rahisi ni laini ya pili. Simu nyingi zinazouzwa mtaani hubeba laini mbili, kwa hiyo nambari ya kwanza inaweza kuchapishwa kwenye vipeperushi na ya pili kwenye kadi za boda, na skrini yenyewe huonyesha simu imeingia kwa laini ipi.

Mwenye tovuti ana linki ya aina nyingine, ile inayoongezewa maneno ya utm mwishoni mwa anwani ili programu ya kuhesabu wageni ijue walikotoka:

```
https://tovuti-yako.co.ke/sofa?utm_source=facebook&utm_medium=tangazo&utm_campaign=desemba
```

Angalizo moja kuhusu hiyo ni kwamba facebook na Facebook huhesabiwa kama vyanzo viwili tofauti, kwa hiyo herufi ndogo zitumike kila mara. Mama wa mfano wetu hana tovuti, na haihitaji kwa kazi hii.

Kinachobaki ni kuunganisha neno na pesa, na hapa ndipo wengi hukwama. Anayelipwa kwa Paybill ana bahati. M-Pesa humtaka mteja aandike nambari ya akaunti, na mwenye biashara anaweza kumwomba aandike GETI au BODA hapo. Ujumbe wa malipo unapofika, neno na kiasi vimekuja pamoja. Si wote wataandika sawasawa, na wengine wataweka jina lao kwa mazoea, lakini wengi watafuata wakielekezwa. Nambari ya tili haina nafasi hiyo ya akaunti. Pochi la Biashara pia haina. Kwa hao hakuna njia ila daftari: tarehe, mtaa anaoishi mteja, neno alilolitaja, kiasi alicholipa, na ile nambari ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu 10 iliyokuja na malipo. Mstari uandikwe malipo yanapoingia. Ukiachwa hadi jioni, neno husahaulika na kujazwa kwa kukisia.

Mama wa Sisal aliendesha matangazo yake kwa wiki nne. Matokeo yalimshangaza.

Facebook ndiyo iliyokuwa na kelele zaidi. Alilipia shilingi 6,000, na meseji 64 zenye neno PICHA ziliingia. Simu ililia mchana kutwa. Kama angeulizwa siku ya kumi ni tangazo lipi linafanya kazi, angejibu Facebook bila kusita. Lakini waliolipa walikuwa watu 5. Tano mara 1,000 ni 5,000, naye alitumia 6,000. Alipoteza shilingi 1,000, mbali na muda wake wa kujibu watu 59 ambao hawakuja.

Vipeperushi 1,000 vilimgharimu shilingi 5,000 kuchapisha na 2,000 kuwalipa vijana waliovigawa, jumla 7,000. Simu na meseji zilizoingia ni 19 tu. Hata hivyo watu 9 walilipa wakitaja GETI. Hao walimpa 9,000, na akabaki na 2,000.

Kadi za boda zilichapishwa kwa shilingi 1,000, na kwa kila mteja aliyelipa alimpa mwendeshaji kamisheni ya 200. Walioulizia walikuwa 11, waliolipa 8. Elfu nane, ukitoa 1,000 za kadi na 1,600 za kamisheni, ni 5,400.

Kumpata mteja mmoja anayelipa kulimgharimu shilingi 1,200 kwa Facebook, takriban 778 kwa vipeperushi, na 325 kwa boda. Ukipanga matangazo kwa wingi wa walioulizia, Facebook ni ya kwanza na boda ni ya mwisho. Ukiyapanga kwa waliolipa na gharama, mpangilio hugeuka juu chini. Kuhesabu meseji peke yake kungemfanya aongeze pesa mahali hasa anapopoteza.

Angeweza kuishia hapo na kufanya kosa lingine.

Mwezi huo alikuwa amefanya kazi 31, na waliotaja neno lolote ni 22. Tisa walilipa bila neno. Kwa kuwa alikuwa amejizoesha kuuliza kila mteja swali moja, "Ulitujulia wapi?", alikuwa na majibu yao daftarini. Wanne walikuwa wateja wa zamani. Wawili waliletwa na jirani. Watatu waliosalia walisema walipewa karatasi getini, ila waliitupa baada ya kuhifadhi nambari, na neno hawakulikumbuka.

Hao watatu ni wa vipeperushi, na walilipa bei kamili, yaani kila mmoja alimwachia 1,200. Waongezwe, na vipeperushi vinakuwa vimeleta wateja 12, faida yake inapanda kutoka 2,000 hadi 5,600, na gharama ya mteja mmoja inashuka hadi takriban 583. Ghafla karatasi na boda zimekaribiana sana. Hivi ndivyo promo kodi inavyopaswa kusomwa: inaonyesha kiwango cha chini cha wateja ambao tangazo limeleta. Na haipunguzi kwa usawa, kwa sababu linki hubeba neno lenyewe ilhali karatasi humtegemea mteja akumbuke. Matangazo ya kuchapishwa na ya redio karibu kila mara huonekana mabaya kuliko yalivyo, na yale ya mtandaoni huhesabiwa karibu yote. Swali la "Ulitujulia wapi?" ndilo linalosawazisha, japo nalo lina kasoro yake, kwani mtu aliyeona karatasi Jumatatu na picha ya Facebook Alhamisi atataja ile aliyoiona mwisho.

Swali lililobaki ni kwa nini Facebook ilifeli, na jibu lilikuwa kwenye safu ya mtaa. Kati ya meseji 64, 38 zilitoka Rongai, Ruiru, Kikuyu na sehemu nyingine za mbali. Tangazo lilikuwa limewekwa lionyeshwe Nairobi yote na vitongoji vyake. Watu hao waliuliza bei, wakaambiwa, kisha wakasikia kuna nauli ya kubeba mashine, na mazungumzo yakaishia hapo. Wote watano waliolipa waliishi karibu. Facebook humruhusu mwenye tangazo kuchagua eneo dogo kwenye ramani na kulizungushia kilomita chache tu. Kwa hiyo mwezi wa pili mama huyo hakuifuta Facebook. Aliiwekea shilingi 3,000, akazungushia Pipeline, Imara Daima na Embakasi, na akabadilisha neno kuwa KOCHI ili matokeo mapya yasichanganyike na ya zamani.

Alikuwa mwangalifu pia kutoamini tofauti ndogo. Wateja 8 wa boda na 9 wa geti ni idadi ambayo familia moja ikihama au mvua ikinyesha wiki mbili inaweza kuigeuza. Mwisho wa mwezi watu huwa na mishahara, na Desemba watu husafisha nyumba kwa ajili ya wageni. Matangazo yanayolinganishwa lazima yaende katika wiki zile zile, na uamuzi wa kufuta moja kabisa usubiri miezi miwili au mitatu.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuchafua daftari, na yote mawili huonekana kwa anayetazama.

La kwanza ni neno kuvuja. Mteja aliyefurahi huandika kwenye kundi la WhatsApp la ploti yao kwamba ukisema BODA unapunguziwa mia mbili. Kwa biashara si hasara kubwa, lakini kwa hesabu ni uongo, kwa sababu boda zinasifiwa kwa kazi ya kundi. Dalili yake ni wateja kadhaa wa neno moja ndani ya siku mbili, kutoka ploti moja au mtaa ambao waendesha boda hao hawafiki. Dawa yake ni neno kuwa na tarehe ya mwisho na kubadilishwa kila mwezi. Kadi za boda hupewa nambari pia, BODA 1, BODA 2 na kuendelea, na hilo humaliza mabishano kuhusu nani alipwe kamisheni.

La pili ni gumu kulisema lakini hutokea. Mteja analipa shilingi 2,000 taslimu bila kutaja neno, na msaidizi anaandika GETI, 1,800, na ile mia mbili inaingia mfukoni mwake. Mwenye biashara hapotezi mia mbili tu, bali anaaminishwa kwamba vipeperushi vinafanya kazi kuliko ukweli. Wanaolipwa kwa M-Pesa wanaweza kulinganisha kila mstari wa daftari na taarifa ya malipo: penye neno pawe na 1,800, pasipo na neno pawe na 2,000. Kwa malipo ya taslimu, risiti yenye neno juu yake, nakala moja ikibaki kitabuni, hufanya kazi hiyo hiyo.

Daftari la namna hii lina majina, mitaa na nambari za simu za watu, na linaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Nambari iliyochukuliwa ili kupanga kazi ya kusafisha sofa haijatolewa ili mtu atumiwe matangazo kila wiki. Mteja aulizwe kwanza kama angependa kupokea ofa, na akikataa jina lake lisiingizwe kwenye orodha. Kwa hesabu za matangazo zenyewe, mtaa na neno vinatosha, wala jina halihitajiki.

Mwisho, kuhusu gharama: bango la barabarani au la ukutani linahitaji kibali cha kaunti, na ada yake ni sehemu ya bei ya tangazo hilo kama vile wino na karatasi. Mwenye biashara anayelinganisha bango na kadi za boda aiweke ada hiyo kwenye mstari wa bango kabla hajagawanya kwa idadi ya waliolipa.